Mdhamini Anayedhaminiwa na Mdeni

Mwanzoni mwa kitabu chake cha Tafakuri, kilichochapwa Paris kwa Kilatini mwaka 1641, René Descartes aliweka barua kwa wakuu wa kitivo cha theolojia cha Sorbonne. Humo alisema jambo ambalo mwandishi mwenye hadhari zaidi angelinyamazia. Muumini, alisema, huamini kwamba Mungu yupo kwa sababu Maandiko yanafundisha hivyo, na huyaamini Maandiko kwa sababu yametoka kwa Mungu. Aliye na imani halioni tatizo hapo. Lakini asiyeamini atasema anazungushwa tu, anarudishwa alikotoka. Kwa hiyo yeye, Descartes, angethibitisha kuwapo kwa Mungu kwa akili peke yake.

Kabla kitabu hakijatoka, muswada ulishapitia mikononi mwa wasomi kadhaa. Kazi hiyo ilisimamiwa na Marin Mersenne, mtawa wa Paris aliyeandikiana barua na wanazuoni wengi wa Ulaya. Mapingamizi yao yalichapwa nyuma ya kitabu hicho hicho, pamoja na majibu ya mwandishi. Pingamizi la nne lilitoka kwa Antoine Arnauld, msomi wa theolojia wa hapo hapo Paris ambaye hakuwa ametimiza miaka thelathini. Mengi aliyoyasoma yalimpendeza. Alipomaliza sehemu inayomhusu Mungu, akaongeza dukuduku moja katika sentensi chache: unasema tuna hakika kwamba tunachokiona wazi na bayana ni kweli kwa sababu Mungu yupo; lakini tutakuwaje na hakika kwamba Mungu yupo, ikiwa si kwa kuona jambo hilo wazi na bayana?

Mtu aliyewaahidi wanatheolojia kwamba hatazunguka duara, ameambiwa na mwanatheolojia kwamba yumo ndani ya duara. Wanafalsafa wamekuwa wakibishana juu ya sentensi hizo chache kwa karibu miaka mia nne.

Tuanze na jengo lenyewe. Katika Tafakuri ya Kwanza Descartes anaamua kuweka kando kila kinachoweza kutiliwa shaka, hata kwa sababu ndogo. Milango ya fahamu imewahi kumdanganya, kwa hiyo haiamini. Huenda hata sasa anaota. Lakini awe anaota au yu macho, mbili na tatu ni tano, na mraba una pande nne. Hapo ndipo anapoleta shaka nzito kuliko zote: vipi ikiwa yupo mwenye uwezo wote aliyemuumba hivi kwamba anakosea kila anapojumlisha mbili na tatu? Mwishoni mwa tafakuri hiyo wazo hili linavaa sura ya roho mwovu, mwenye nguvu na hila, anayetumia juhudi zake zote kumdanganya.

Katika Tafakuri ya Pili anapata kitu kimoja kinachosalia. Hata akidanganywa, lazima awepo ili adanganywe. Tafakuri ya Tatu inaanza kwa kuuliza ni nini kinachoipa kauli hiyo nguvu yake. Anajibu kwamba si kitu kingine ila kuiona kwa uwazi na kwa namna bayana, yaani iko mbele ya akili bila ukungu na haijachanganyika na jambo lingine. Basi pengine anaweza kuweka kanuni: kila ninachokiona hivyo ni kweli. Ila roho mwovu bado hajaondoka. Ili kanuni isimame, lazima kwanza ajulikane huyo muumba ni nani na kama anadanganya.

Kwa hiyo anatoa uthibitisho, ambao kwa ufupi unakwenda hivi. Ninalo ndani yangu wazo la kitu kisicho na mpaka wala kasoro. Kila tokeo lina chanzo, na chanzo hakiwezi kuwa na uhalisi uliopungua ule ulio katika tokeo. Kanuni hiyo inahusu hata yale yaliyomo ndani ya wazo. Mimi nina shaka na upungufu, kwa hiyo nina mipaka, na wazo kubwa kiasi hicho halikuweza kutoka kwangu. Yupo basi aliyelitia ndani yangu, na ndiye Mungu. Kwa kuwa kudanganya ni dalili ya kasoro, na Mungu hana kasoro, yeye si mdanganyifu. Kufika Tafakuri ya Nne, kanuni ya uwazi imepata ulinzi.

Sasa pingamizi la Arnauld linaonekana vizuri. Mtu anaomba mkopo. Mkopeshaji hamwamini, anataka mdhamini. Mwombaji anataja jina, na alipoulizwa nani anamjua mdhamini huyo, anajibu: mimi namjua, neno langu litatosha. Neno la mwombaji ndilo lililokuwa likitafutiwa dhamana. Vivyo hivyo fikra zilizo wazi zinatafutiwa dhamana kwa Mungu, na Mungu anajulikana kwa fikra zilizo wazi.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, na vitabu vingi vya utangulizi huishia hapo. Lakini aliyeandika haya ni mwanahisabati aliyechapisha Jiometri mwaka 1637, mtu aliyejua vizuri nini kinahesabiwa kuwa uthibitisho na nini hakihesabiwi. Jibu alilompa Arnauld ni fupi hadi linaudhi: anamrudisha kwenye majibu aliyowapa waandishi wa mapingamizi ya pili, ambao walishagusa jambo hilo. Huko alitenganisha mambo mawili, yaani kile tunachokiona wazi sasa hivi, na kile tunachokumbuka kwamba tuliwahi kukiona wazi. Dhamana ya Mungu, anasema, inahitajika kwa hiki cha pili.

Ili kupima jibu hilo tuchukue pembetatu, mfano anaoutumia mwenyewe katika Tafakuri ya Tano. Chora pembetatu yoyote, ukilaze upande mmoja uwe kitako. Kwenye kilele pitisha mstari ulio sambamba na kitako. Juu kileleni sasa kuna pembe tatu zilizopangana ubavu kwa ubavu chini ya mstari huo: ya kati ni ya pembetatu yenyewe, na zile mbili za pembeni zinalingana na pembe mbili za chini, kwa sababu kila upande wa pembetatu unakata mistari miwili iliyo sambamba. Pembe tatu za kileleni zinajaza mstari mnyoofu. Basi pembe tatu za pembetatu ni sawa na pembe mraba mbili, yaani nyuzi 180.

Ukiwa na mchoro mbele yako, na hatua zote zimo akilini, jaribu kushuku. Haiwezekani. Waweza kutamka maneno ya shaka, ila shaka yenyewe haikuingii. Jioni umekaa barazani, mchoro hauko, hatua umezisahau, umebaki na kumbukumbu kwamba mchana ulithibitisha nyuzi 180. Sasa shaka ina pa kuingilia: je, sikuumbwa hivi kwamba nakosea hata katika yale yanayonionekania dhahiri kupita yote? Ukirudi kwenye mchoro, shaka inatoweka. Ukiuacha, inarudi.

Huku kwenda na kurudi Descartes alikuwa amekwisha kukueleza mwanzoni mwa Tafakuri ya Tatu, kabla ya kuulizwa na mtu yeyote. Anapoyatazama mambo yenyewe, anashawishika kiasi cha kumwambia mdanganyifu afanye atakalo, hatawahi kuifanya mbili na tatu ziwe zaidi au pungufu ya tano. Anapogeuka na kuwaza juu ya uwezo wa muumba wake, anakiri kwamba muumba huyo angeweza kumkosesha hata katika hayo. Kwangu mimi ufunguo wa mzozo wote uko hapa. Shaka juu ya fikra iliyo wazi haiji kamwe uso kwa uso. Huja kwa mlango wa nyuma, wakati fikra yenyewe haitazamwi na umebaki kuisema kwa jumla: yale mambo ninayoyaona wazi, je, ni kweli?

Wasomaji wengi wa zamani walilielewa vibaya jibu hili. Walidhani Descartes anasema Mungu hudhamini kumbukumbu zetu, yaani ukikumbuka ulithibitisha jambo, basi hukukosea kukumbuka. Hilo haliwezi kuwa jibu, maana kila mtu anajua kumbukumbu hukosea, na Descartes hakudai vinginevyo. Mwaka 1962 mwanafalsafa wa Marekani Harry Frankfurt aliandika makala ya kuipinga tafsiri hiyo. Jioni pale barazani kumbukumbu yako ni sahihi kabisa, kweli mchana ulithibitisha. Swali linalokusumbua ni kama kule kuthibitisha kwenyewe, hata kulikokamilika bila kosa lolote unaloweza kuliona, kunafika kwenye ukweli.

Sasa tuutazame tena uthibitisho wa Mungu. Kama unavyodai Descartes, kila hatua yake ni kama hatua ya pembetatu: ukiitazama huwezi kuishuku. Huhitaji kwanza kuishika ile kanuni ya jumla, kwamba kila kilicho wazi ni kweli, ndipo uikubali hatua. Unaikubali kwa kuiona, kama mtoto anavyokubali kwamba mbili na mbili ni nne bila kuwa na kanuni yoyote kuhusu akili yake. Unapofika mwisho, umeona kwamba muumba wako hadanganyi. Sababu pekee ya kuishuku pembetatu jioni ilikuwa kwamba pengine anadanganya, na sababu hiyo sasa imekatwa mzizi. Kanuni ya jumla inatokea mwishoni kama tunda la hoja. Haikuwa miongoni mwa vitu vilivyotumika kuijenga.

Nadhani jibu hili linatosha kumwondoa Descartes katika duara lile lile alilochorewa na Arnauld. Katika mfano wetu wa mkopo, mkopeshaji anagundua kwamba hakuwahi kumshuku mwombaji wakati akizungumza naye ana kwa ana. Alimshuku akishaondoka tu.

Hata hivyo uthibitisho wa Mungu nao ni mrefu. Vipi ikiwa akili haiwezi kuzishika hatua zake zote kwa pamoja? Utakapofika hatua ya nne, ya kwanza imeshakuwa kumbukumbu, na kumbukumbu ya uwazi ndiyo iliyokuwa ikitafutiwa dhamana. Swali hili aliulizwa ana kwa ana mwezi Aprili 1648 huko Egmond, Uholanzi, na mwanafunzi mmoja kijana, Frans Burman, aliyekwenda kula naye chakula na kumhoji juu ya maandishi yake. Descartes alimjibu kwamba si kweli kuwa akili huwaza jambo moja tu kwa wakati mmoja. Sasa hivi, alimwambia, nazungumza na wakati huo huo nafahamu kwamba ninakula. Mtu akiuzoea uthibitisho wa Mungu anaweza kuushika mzima mzima. Napenda sana jibu hili kwa jinsi lilivyo la kawaida. Na linasema jambo zito pia: dawa ya shaka inafanya kazi kwa yule tu aliyeipitia hoja mara nyingi hadi imekuwa mtazamo mmoja.

Ndiyo maana hakumwonea haya mkana Mungu. Waandishi wa mapingamizi ya pili walimwambia kwamba mkana Mungu naye anajua vizuri pembe za pembetatu, mbona hamhitaji Mungu? Descartes alikubali kwamba anajua, akiwa ametazama. Alichomnyima ni ujuzi usiotikisika, ule unaodumu hata mchoro ukiondolewa, kwa sababu daima anaweza kuulizwa: na wewe uliumbwaje, na nani, kwa ajili ya kufikia ukweli? Hana la kujibu. Yaelekea swali hilo halitamjia hata siku moja, naye atafanya hesabu zake maisha yake yote kwa raha. Kwa Descartes hilo halibadilishi kitu.

Arnauld ameshajibiwa, lakini limebaki swali la chini zaidi, nalo halijibiki kwa urahisi huo. Siwezi kukishuku ninachokitazama, sawa. Je, kutoweza kushuku ni sawa na kuwa kweli? Huenda nimeumbwa hivi kwamba mambo fulani yanikamate nisiweze kuyakataa, nayo ni uongo. Utaniambia nimeshathibitisha kwamba muumba wangu hadanganyi. Naam, kwa hatua zilizonikamata nisiweze kuzikataa. Hapa duara linarudi, safari hii kati ya nguvu ya ushawishi na ukweli.

Katika majibu yale ya pili Descartes anakutana na swali hili, na jibu lake linashangaza. Kama ushawishi wetu ni thabiti kiasi kwamba hatuwezi kuwa na sababu yoyote ya kushuku, anasema, hatuna zaidi la kuulizia. Inatuhusu nini mtu akijitungia kwamba kitu hicho huenda machoni pa Mungu au malaika ni uongo? Wako wanaosoma hapa kwamba amesalimu amri, akaridhika na utulivu wa moyo badala ya ukweli. Frankfurt, katika kitabu alichokitoa mwaka 1970, aliona mradi wa kiasi zaidi: Descartes anataka kuonyesha kwamba akili ikitumiwa kwa uangalifu wote haizai sababu ya kujishuku yenyewe. Mwenye kushuku anadai kwamba ukiifuata akili hadi mwisho itajibomoa. Descartes anaifuata hadi mwisho, na haikujibomoa. Si kidogo hicho, ijapokuwa ni pungufu ya alichoonekana kuahidi.

Mtu mmoja alifika penye shimo hili zaidi ya miaka mia tano kabla yake. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anasimulia katika al-Munqidh min al-Dalal jinsi alivyoanza kuzishuku hisi, kisha akashuku hata kanuni za kwanza za akili, kama vile kumi ni zaidi ya tatu. Aliumwa na shaka hiyo karibu miezi miwili. Alijaribu kuitibu kwa hoja, akaona kwamba hoja haijengeki ila kwa zile kanuni za kwanza, na zikishashukiwa hakuna cha kujengea. Kwa maelezo yake, aliponywa na nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake, wala si kwa uthibitisho uliopangwa. Ghazali aliliona duara, akakataa kulikanyaga. Descartes hakuweza kupita njia hiyo. Alikuwa amewaandikia watu wa Sorbonne kwamba anazungumza na wasioamini, na asiyeamini huwezi kumwambia asubiri nuru.

Basi ilibidi kila kitu kisimame juu ya uthibitisho, na kwangu mimi hapo ndipo penye ufa, mahali ambapo mjadala wa duara mara nyingi hutufanya tupasahau. Jibu la Descartes linadai kwamba kila hatua, ikitazamwa, haishukiki. Chukua hatua ya pili: chanzo kina uhalisi usiopungua ule wa tokeo, hata pale tokeo linapokuwa yaliyomo ndani ya wazo tu. Descartes anataka uwaze mtu mwenye wazo la mashine tata sana. Lazima, anasema, aliiona mashine kama hiyo mahali fulani, au ana ujuzi mkubwa wa ufundi. Utata ulio katika wazo haukutoka patupu. Mfano ni mzuri. Lakini Johannes Caterus, kasisi wa Alkmaar aliyeandika mapingamizi ya kwanza, aliuliza papo hapo kwa nini kitu kuwazwa tu kihitaji chanzo kilicho sawa nacho, wakati kuwazwa si kuwapo. Na mapingamizi ya pili yakasema kwamba wazo la Mungu huenda mtu amelipata vitabuni au katika mazungumzo na rafiki, na kwamba Wahuroni wa Kanada hawana wazo hilo. Descartes alijibu: kama umelipata kwa wengine, wao walilipata wapi? Ukiendelea kuuliza utafika kwa Mungu mwenyewe.

Watu hawa hawakuwa wamegeuka upande wala kuwaza juu ya roho mwovu. Walikuwa wanaitazama hatua ile ile, wakiwa na kalamu mkononi, na bado walishuku. Pembetatu haikubali kufanyiwa hivyo. Mchana huu huu naweza kuisoma kanuni ya chanzo na tokeo, niielewe kila neno lake, nisimame hapo na kusema sijui kama ni kweli. Kuisimamisha hoja pale, hakuna haja ya kumwita mdanganyifu wa Tafakuri ya Kwanza.